Maksai wa Kilo Tisini

Haya nilisimuliwa na Khorloo, dada yake Yanjmaa, mwezi wa nne uliopita, tulipokuwa tukichana mbuzi manyoya. Yeye kashika pembe, mimi nimeshika kitana. Khorloo ana mkono mzito wa chumvi, kwenye chai na kwenye habari. Nimeipunguza kiasi cha kunyweka.

Yanjmaa aliolewa na mtu anayejua. Wenzake waliolewa na walevi, wengine na wacheza karata. Yeye alipata Gonchig, na Gonchig alijua. Alijua theluji itaanguka lini, na isipoanguka alijua theluji imekosea wapi. Alijua pikipiki ya mtu ina ugonjwa gani kwa kuisikia tu ikikohoa ng'ambo ya kilima. Na uzito wa mnyama, usiseme. Mizani ni ya watu wasio na macho, ndivyo alivyosema. Yeye alimtazama kondoo, akafumba jicho moja, akatamka kilo, na hakuna kondoo aliyewahi kumbishia.

Katika kundi lake alikuwamo maksai mmoja, kondoo dume aliyehasiwa, wa miaka minne, mwili mweupe, kichwa cheusi, mkia wa mafuta umejaa kama mto wa kulalia. "Huyu kilo tisini," alisema Gonchig mwanzoni mwa kiangazi, na tangu siku hiyo ikawa kilo tisini, kama jina la ubatizo. Aliwaambia wafugaji wote katika kundi lao la simu. Akamwambia mwenye duka. Zaidi ya wote alimwambia Mzee Jigjid wa mjini, ambaye mwanawe Temuulen alitaka kumwoa binti yao Solongo. Wazee hao wawili hawakuwa wamekutana hata mara moja, lakini kila wiki Gonchig alimtumia picha ya yule maksai: ubavuni, usoni, na mara mbili mkiani. Yanjmaa alizitazama picha hizo zikienda akafikiri, haya, tutaona anayeozwa ni nani.

Wakwe walikubaliana waje Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, na kitambaa cha buluu mkononi, kuposa. Na watakula nini? Swali gani hilo. Watakula kilo tisini.

Siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi hiyo, Jumatatu, alipita mchuuzi na gari lake la bidhaa: viberiti, betri, peremende, na chupa za dawa ya minyoo ya mifugo kutoka ng'ambo ya mpaka. Gonchig akanunua chupa nne. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina, na Kichina kilikuwa miongoni mwa mambo machache sana ambayo Gonchig hakuyajua. Lakini hilo halikumtisha. Alikuwa na shemeji mjini, Dagva, mdogo wake Yanjmaa, aliyefanya kazi ya ujenzi kule mpakani miaka sita na kujifunza kusoma. Gonchig akaishika chupa kwa mkono wa kushoto, akapiga picha ya lebo kwa mkono wa kulia, akaituma.

Dagva akapiga simu mara moja.

"Shemeji, hii ni ya kudunga chini ya ngozi. Kondoo na ng'ombe, mililita moja kwa kila kilo hamsini. Usidunge mshipani. Lakini kuna mstari wa chini siuoni, umeufunika kwa kidole gumba."

"Kidole gumba changu kina nini?"

"Hakina kitu, shemeji, kinene tu. Piga tena."

"Kilichobaki hapo chini ni nini? Ni anwani ya kiwanda. Mimi naenda kuwatembelea?"

Akakata simu, akaanza kazi. Na tuseme ukweli, kazi aliijua: alivuta ngozi nyuma ya bega, akaingiza sindano vizuri, hakuvunja hata moja. Hesabu tu ndiyo ilikuwa ya macho. Kila kondoo alipata mililita moja, mkubwa kwa mdogo, kwa sababu haki ni haki. Mbuzi nao wakapata. Mbwa angepata kama hangejua kukimbia, na Mungu alimjalia miguu. Yule maksai peke yake ndiye aliyepimiwa kwa heshima yake: kilo tisini, mililita moja na vijimstari vinane vya bomba la sindano.

Jioni akaandika katika kundi la wafugaji: "Nimemaliza mifugo yangu yote kwa siku moja. Wapo wengine hapa, sitaji majina, Lodoi, ambao minyoo yao inajua hata siku zao za kuzaliwa."

Lodoi alikuwa jirani yao, nyuma ya vilima vitatu. Alijibu kwa neno moja: "Kesho." Hilo lilikuwa jibu lake kwa mambo yote tangu utotoni.

Kidole gumba kile kilimkaa Yanjmaa moyoni. Mwanzoni hakusema. Alikuwa mtu wa kungoja, mwanamke aliyeweza kukoroga maziwa kutwa bila kuuliza kama yameiva. Lakini Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni, alipokuwa akisugua sufuria kubwa ya kuchemshia nyama, alijiuliza: nyama ni ya nani, sufuria ni ya nani, na mkono utakaompa mama mkwe kipande cha kwanza ni wa nani? Akaacha kusugua. Akaenda kwenye jaa la majivu, akachokora, akapata chupa moja, akaifuta kwa upindo wa vazi lake. Akaiweka juu ya sanduku penye mwanga, mikono yote miwili mbali nayo, akapiga picha. Akaigeuza kidogo, akapiga nyingine. Akaigeuza tena. Picha tatu, na kidole cha mtu hakipo hata kimoja.

Akamtumia Dagva, naye akapiga simu kabla Yanjmaa hajarudisha sufuria jikoni.

"Dada, mmeshachinja?"

"Kesho asubuhi."

"Msichinje. Ule mstari unasema kondoo na ng'ombe, siku thelathini na tano kabla ya kuchinja. Siku thelathini na tano, dada. Leo ni ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Na si anwani ya kiwanda," alisema Dagva. "Mwambie shemeji. Hapana, usimwambie. Haya, mwambie."

Yanjmaa alimwambia. Gonchig alikuwa ananoa kisu, na hakuacha kunoa.

"Dawa inaua minyoo. Minyoo imekufa. Sasa dawa inabaki kufanya nini, kuwalilia?"

"Tumuulize daktari."

"Tutachemsha sana. Saa nne. Saa tano! Hakuna dawa inayovumilia sufuria yako, mke wangu, hata mimi siivumilii."

Yanjmaa akakausha mikono. Alimpigia daktari wa mifugo wa wilaya, binti mmoja aitwaye Ariunaa, akaweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Mama, kuchemsha hakusaidii," alisema Ariunaa. "Dawa ile haiishi kwa moto, usiutegemee. Na inakaa zaidi kwenye ini na kwenye mafuta. Wageni wenu mtawapa kipande gani?"

Gonchig akaacha kunoa. Maana katika nchi hii mgeni wa heshima hapewi paja wala shingo. Anapewa mgongo wote na mkia juu yake, na mkia ni nini? Mkia ni mafuta. Gonchig alikuwa amepanga kumlisha mkwe wake, kwa adabu zote, mahali pale hasa dawa ilipopanga kukaa.

"Basi chinjeni mwingine," alisema Ariunaa.

"Wote kawadunga," alisema Yanjmaa.

"Wote?"

"Kwa siku moja," alisema Gonchig kwa mbali, na safari hii haikusikika kama sifa.

"Hakuna hata mmoja aliyebaki?"

Alikuwapo mmoja. Beberu mzee mwenye pembe moja, aliyekwenda kujificha kwenye miamba Jumatatu nzima na kurudi jioni na uso wa mtu asiyejua lolote. Lakini mbuzi ni mnyama wa pua baridi. Kondoo na farasi ndio wa pua moto, ndio wa kumkaribishia mtu. Kumwekea mkwe nyama ya mbuzi siku ya posa ni kumwambia, karibu, na mlango ukitoka ufunge.

Daktari alipokata simu, Gonchig alipima makali ya kisu kwa kidole kile kile gumba.

"Hawatajua," alisema hatimaye. "Nyama haisemi."

"Sisi tutajua," alisema Yanjmaa. "Nitakapomkatia yule mama kipande cha mkia, nitamtazama wapi? Mimi sikati. Mkatie wewe mwenyewe, na umwambie ukimpa: hii ni ya kilo tisini, siku ya kumi na mbili."

"Sasa unataka niahirishe posa ya mwanangu?"

"Nataka uende kwa Lodoi."

Hapo Gonchig akacheka, maana alidhani ni mzaha. Alipoona mkewe anamshikisha kofia, akaacha.

Yanjmaa alipanda nyuma ya pikipiki, si kwa kupenda upepo, bali kuhakikisha inafika. Walimkuta Lodoi amejinyoosha juu ya zulia, anatazama moshi ukitoka juu ya hema kama kwamba moshi utampa mshahara. Alipomwona Gonchig aliinuka kwa kiwiko kimoja, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa.

"Karibu kaka. Mifugo yako imenona?"

"Imenona. Yako?"

"Yangu ina minyoo, kama ulivyotutangazia. Leta basi tumbaku yako ya kunusa."

Wakabadilishana vichupa vya tumbaku, wakanusa, wakarudishiana. Chai ikaletwa. Habari za baridi zikaulizwa, habari za malisho, habari za pikipiki. Gonchig alikunywa bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Yanjmaa alingoja. Kwenye bakuli la nne alimkanyaga mumewe mguu.

"Lodoi," alisema Gonchig. "Kondoo wako, ulishawadunga?"

"Kesho."

"Vizuri. Vizuri sana. Yaani... hakuna hata mmoja?"

"Kaka, umeendesha pikipiki vilima vitatu kuja kunicheka nyumbani kwangu? Ungeandika tu kwenye simu, wote wakaona."

Basi ikabidi aseme. Alianza na maelezo ya mchuuzi, akapita kwenye ubovu wa lebo za siku hizi, akalaumu mwanga wa siku ile, na Yanjmaa akamaliza kwa sentensi moja: "Kafunika siku za kungoja kwa kidole, wageni ni Jumamosi, na sisi hatuna kondoo safi."

Lodoi alirudi chini juu ya zulia taratibu. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipofuta machozi, alisema:

"Nitawapa maksai wangu."

"Nitakurudishia wa kwangu, siku zake zikiisha," alisema Gonchig haraka.

"Utanirudishia ukitaka. Lakini kwanza nataka kitu kimoja."

"Sema."

"Nataka kuona kilo tisini. Tangu kiangazi nazisikia. Picha nimeona, mkia nimeuona, usiku naota. Nina mizani ile ya kuning'iniza, ninayopimia magunia ya manyoya. Kesho nakuja naye wangu na mizani, tumpime wako, nife nimeona."

"Macho yangu..."

"Macho yako hayana ndoano, kaka. Mizani inayo."

Ijumaa asubuhi Lodoi alifika mapema, jambo ambalo Khorloo anasema hata mbwa hawakuliamini, walibweka hadi wakachoka. Maksai wake alikuwa amefungwa kwenye kigari nyuma ya pikipiki, wa kijivu, mchafu, manyoya yamejaa magugu, mnyama ambaye hakuna mtu angemtumia mkwe picha yake. Walisimamisha miti mitatu, wakaning'iniza mizani, wakamfunga yule wa kijivu kwa turubai chini ya tumbo, wakamwinua.

"Sitini na moja," alisoma Yanjmaa.

"Si haba," alisema Gonchig kwa huruma. "Kwa mnyama mwenye minyoo."

Kisha wakamwinua Kichwa Cheusi. Alining'inia kwa utulivu, mkia umelala kwenye turubai, uso umegeukia milimani kama mtu mkubwa anayepigwa picha. Mshale ukatetemeka, ukatulia.

Yanjmaa akasoma. Akasoma tena. Akamsogeza Lodoi asome yeye.

"Hamsini na nane," alisema Lodoi kwa sauti ya msibani.

"Mizani ni mbovu," alisema Gonchig.

"Inawezekana. Tumrudishe wangu mizanini?"

"Leta gunia la unga. La ishirini na tano."

Wakaleta gunia la unga la kilo ishirini na tano ambalo halijafunguliwa. Mizani ikasema ishirini na tano. Unga hauna kiburi.

Gonchig aliketi juu ya gunia. Lodoi, aliyekuwa na maneno ya kumtosha hadi masika, akamtazama usoni, kisha akayameza. Akaanza kuifungua turubai. Khorloo anasema hapo ndipo alipomheshimu Lodoi kwa mara ya kwanza, na ya mwisho, kwa sababu jioni ile ile aliandika katika kundi la simu: "58."

Lakini Yanjmaa alikuwa bado anahesabu. Alichukua kijiti akaandika juu ya theluji. Mililita moja kwa kilo hamsini. Kilo hamsini na nane, basi ni mililita moja na kidogo, haifiki moja na vijimstari viwili. Naye alipewa moja na vinane. Akampigia Ariunaa.

"Binti yangu, zile siku thelathini na tano ni za kipimo cha lebo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyepewa mara moja na nusu?"

Ariunaa alivuta pumzi. "Nani huyo?"

"Mmoja tu. Mheshimiwa."

"Mnyama hatadhurika na hicho. Ila siku za lebo hazimfai tena, na lebo haina siku za waliozidishiwa. Ningekuwa mimi ningengoja mara mbili. Siku sabini, tena bila haraka. Na wale wengine, wadogo nao walipewa ngapi?"

"Mililita moja kila mmoja."

"Hata wa mwaka huu? Wale kilo thelathini na kitu?"

"Haki ni haki," alisema Yanjmaa, akimtazama mumewe.

"Basi hao nao wangoje sabini pamoja naye. Na wale wakubwa waliopunjwa huenda minyoo yao bado inakula. Nitakuja wiki ijayo, mama. Nitakuja na mizani."

Yanjmaa akaingia ndani, akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu siku sabini kutoka Jumatatu ile kwa kidole. Ikaangukia tarehe kumi na saba ya mwezi wa kwanza. Akaitia mkaa. Nje, Gonchig alimchinja yule wa kijivu, kwa mkono mwepesi kama kawaida yake, na tone la damu halikugusa ardhi. Yanjmaa akalipasua ini akalitazama, lilikuwa safi. Minyoo yenyewe ilikuwa inangoja kesho.

Jumamosi wakwe walifika saa tano. Mzee Jigjid alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa; mkewe, Bi Norjmaa, alikuwa na macho ya mtu aliyekagua madaftari ya shule miaka thelathini. Lodoi naye alikuwapo, amevaa vazi safi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutomwalika. Kitambaa cha buluu kikatolewa. Maneno ya posa yakasemwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gonchig alijibu kwa machache. Kisha Yanjmaa akaleta sinia: mgongo mzima, na mkia juu yake unang'aa.

Mzee Jigjid akapiga magoti yake kwa furaha.

"Mkwe wangu! Hatimaye! Ndiye huyu? Ndiye kilo tisini?"

Lodoi akatazama juu, kwenye tundu la moshi. Yanjmaa aliendelea kumimina chai. Bakuli lilijaa, na hakujua limejaa mpaka likammwagikia kidole. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja, ndiye, na wote waanze kula. Kondoo akishakatwa vipande hana rangi ya kichwa.

Gonchig akalisogeza sinia mbele ya mkwe.

"Siye," alisema.

"Siye?"

"Huyu ni wa Lodoi. Wangu yuko nje. Yuko likizo."

"Likizo?"

"Siku sabini."

Na akasimulia yote. Mchuuzi, picha, kidole, mililita, na mizani. Alipofika kwenye hamsini na nane akasimama kunywa chai, Lodoi akamsaidia: "Na wangu sitini na moja," alisema kwa upole, "lakini hatukuja kuzungumza hayo." Mzee Jigjid alicheka hadi kofia ikamwanguka. Solongo alificha uso kwa aibu, na Temuulen, kijana mwenye busara, alijifanya anatafuta chumvi.

Bi Norjmaa peke yake hakucheka. Alikata kipande cha mkia, akakila, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Aliyeipiga lebo picha vizuri ni nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Yanjmaa.

"Ndiyo." Akamtazama mumewe, akamtazama Gonchig, kama mtu anayelinganisha madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja. "Na hiyo likizo inaisha lini, dada?"

"Tarehe kumi na saba ya mwezi wa kwanza."

"Kabla ya Mwezi Mweupe, basi. Vizuri. Tutakuja sote kula mwaka mpya hapa, na siku ya harusi tutaitaja tukiwa na huyo mheshimiwa mezani. Si kabla yake." Akakata kipande kingine. "Mtaniambia atakuwa amefika kilo ngapi. Wewe utaniambia, dada. Si yeye."

Gonchig akainamisha kichwa, na Yanjmaa, aliyemjua, akaona anafumba jicho moja akianza kukadiria. Akamkanyaga mguu chini ya meza.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu, wakiwa na nyama ya yule wa kijivu imefungwa kwa kitambaa cheupe, Temuulen na Solongo nao garini. Lodoi hakuondoka, alishalala pembeni ya mlango, tumbo juu, mdomo wazi, akikoroma kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi ya mwaka. Gonchig alijinyoosha kitandani akaanza kueleza kwamba ukitazama vizuri, ile miti mitatu iliinama kidogo, na mti ukiinama mizani nayo hu...

Hakumaliza. Yanjmaa alingoja kidogo aone kama anamalizia ndotoni. Akatia samadi kavu jikoni moto usizime, akamfunika Lodoi miguu, akavua viatu. Kisha na yeye akalala.